Kugawa kadi hakupangi kitu

Kila nikitoa kadi darasani, hakosi mtu wa kusema kwamba upangaji kwa kuunganisha, ule wa kugawa orodha nusu kwa nusu kisha kuunganisha vipande kwa mpangilio, una kasi "kwa sababu unagawa". Wanafunzi wanasema, walimu wenzangu wanasema, na juzi nimeikuta kwenye slaidi ya mtu, tena kwa wino mwekundu. Basi leo tumalizane.

Kata kadi 8 za manila, ziandike 1 hadi 8, zichanganye ziwe 5 2 8 1 7 3 6 4, kisha zilaze kifudifudi. Kifudifudi, nasisitiza. Zikiwa wazi, mwanafunzi anaziona zote kwa mpigo na kuzipanga bila algoriti yoyote. Kompyuta haioni hivyo: inashika mbili, inauliza ipi kubwa, basi. Kwa hiyo tunafunua mbili tu kwa wakati mmoja, na mwanafunzi wa pembeni anachora mstari kila zinapolinganishwa.

Sasa zigawe nusu kwa nusu: nne nne, mbili mbili, moja moja. Muulize mwenye karatasi ana mistari mingapi. Hana hata mmoja. Vurugu ni ileile, ila kadi zimeachana kidogo mezani. "Lakini mwalimu, si tumeshagawa?" Tumegawa, naam, na hatujajua lolote kuhusu kadi hata moja.

Kazi inaanza tunaporudi. Kadi moja moja zinaunganishwa kuwa jozi: 2 5, 1 8, 3 7, 4 6. Mistari 4. Halafu twaa rundo la 2 5 na rundo la 1 8, ndogo ikiwa juu. Funua za juu: 2 na 1. Kadi ya 1 ndiyo ndogo, inatangulia kwenda rundo jipya. Hapa ndipo ninapowasimamisha wanafunzi, hata wakinuna. Je, 1 ni ndogo kuliko 5? Ndiyo. Tumeuliza? Hatujauliza. Tano iko chini ya 2, na 1 imeshaishinda 2, kwa hiyo jibu tumelipata bure. Kasi yote imejificha hapo: rundo lililokwisha kupangwa linakumbuka majibu ya zamani, na kadi ya juu inajibu kwa niaba ya zote zilizo chini yake. Kugawa kunatuandalia tu marundo madogo ya kuanzia. Marundo mawili ya kwanza yanatumia mistari 3, mengine mawili 3, na muunganisho wa mwisho 7. Jumla 17.

Rudisha kadi zilivyokuwa, uje kwenye upangaji kwa viputo. Huu wengi wanaujua: linganisha majirani, badilisha nafasi kama ya kushoto ni kubwa, songa mbele, na kila mzunguko kubwa kuliko zote zilizobaki inafika mwisho. Mzunguko usiobadilisha kitu unasimamisha kazi. Kwa kadi hizi ni mizunguko 5, mistari 7, 6, 5, 4 na 3, yaani 25.

Ila usiishie kwenye jumla. Mwambie mchora mistari aandike pia ni kadi zipi zimekutana, kisha umwonyeshe 2 na 5. Zinakutana mzunguko wa kwanza na kubadilishana nafasi. Mzunguko wa pili zinakutana tena. Wa tatu, tena! Swali lilelile mara tatu, na jibu halijawahi kubadilika tangu la kwanza. Katika kuunganisha, hakuna jozi inayoulizwa mara mbili, kwa sababu kadi zikishaingia rundo moja hazilinganishwi tena.

Kuna jambo linanisumbua katika somo hili. Kadi 8 ni chache. Ukiwapimia wanafunzi kwa saa, kundi la viputo mara nyingi linamaliza mapema, maana wenzao wanahangaika kutafuta nafasi ya marundo mezani. Nafasi hiyo ya ziada ni gharama halisi, hata kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kwa kadi 64 hali mbaya kabisa ni mistari 2016 kwa viputo na 321 kwa kuunganisha, lakini nani ana darasa la kuvumilia mistari 2016? Wala sina hakika kwamba kadi zinamsaidia mtu kuelewa funksheni inayojiita yenyewe. Mikono inaunganisha kutoka chini kwenda juu, na wakifika kwenye msimbo wa `merge_sort` wengi wanaduwaa.

Halafu kuna wale wa "kuunganisha kunashinda daima". Wape kadi zilizokwisha pangwa, 1 hadi 8. Viputo vinapita mara moja, havibadilishi kitu, vinasimama: mistari 7. Kuunganisha kwa namna tuliyofanya kunatumia 4, 4 na 4, yaani 12, kwa sababu hakuchunguzi kama rundo la kushoto lote ni dogo kuliko la kulia. Ndiyo maana njia ya kupanga ambayo Tim Peters aliiandikia lugha ya Python mwaka 2002 haianzi kwa kugawa. Inaanza kwa kutafuta vipande ambavyo tayari vimekaa kwa mpangilio, kisha inaviunganisha.