Mchango wa nje ya jukwaa ni nini, na unaandikwaje

Mchango wa nje ya jukwaa ni fedha ambayo shabiki anamtumia msanii au msimulizi moja kwa moja, kwa M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au benki, bila kupitia kitufe cha malipo cha jukwaa la mtandaoni ambako kazi yenyewe inaonekana. Faida yake iko wazi. YouTube, kwa mfano, hubaki na asilimia 30 ya fedha ya Super Chat, malipo ambayo watazamaji hutuma wakati wa matangazo ya moja kwa moja. Lakini kitufe kile ndicho kinachoandika nani katoa, lini na kiasi gani. Ukikikwepa, ukarani wote unakuwa wako, na likitokea la kutokea jukwaa halitakusaidia. Majukwaa mengine hayataki kabisa uwaelekeze watu kulipa pembeni, kwa hiyo soma masharti yao kwanza.

Chukua mfano wa msimulizi wa ngano za Kigogo anayeishi Nkuhungu, Dodoma, anayetaka kununua maikrofoni. Jambo la kwanza kwake ni laini. Akitangaza namba anayotumia kila siku, mchango wa shabiki utachanganyika na hela ya dawa ya mama iliyotumwa na dada yake Kongwa, na mwisho wa mwezi hataweza kuzitenganisha. Anahitaji laini ya pili au Lipa Namba, isiyopokea kitu kingine.

Laini hiyo iwe imesajiliwa kwa jina lake. Kabla ya kuweka namba ya siri, mtumaji huoneshwa jina la mwenye namba, na hapo ndipo wengi hughairi. Ikiwa laini ni ya kaka yake, shabiki ataona jina geni na atadhani anatapeliwa. Tena ana haki ya kudhani hivyo, maana matapeli hufungua kurasa zenye majina yanayofanana na ya wasanii na kuweka namba zao. Dawa ni kuandika namba mahali pamoja pasipobadilika, na chini yake jina litakalotokea. Kwa anayetuma kutoka benki ni vivyo hivyo: jina la akaunti liandikwe kamili, na aombwe kuweka neno “mchango” kwenye maelezo ya muamala.

Jambo la pili ni daftari. Safu tano zinatosha: tarehe, kiasi, njia, namba ya muamala, na jina la kutajwa. Namba ya muamala ndiyo roho ya daftari, kwa sababu majina hujirudia na viasi hujirudia, lakini namba ile haijirudii.

Tuseme mwezi ukiisha daftari la msimulizi wetu linasoma 5,000, 20,500, 3,000, 50,000 na 30,000, jumla shilingi 108,500. Anaomba taarifa ya miamala ya laini ile kutoka kwa mtandao wake wa simu na kukuta kilichoingia ni 78,500. Pengo ni 30,000. Anapitisha kidole kwenye namba za miamala, moja moja, mpaka anaikuta isiyokuwemo. Ni ile aliyoiandika kutokana na skrinshoti aliyotumiwa. Picha hutengenezwa, na hata ujumbe wa kawaida unaweza kuandikwa na mtu ukafanana na wa mtandao wa simu. Mchango uandikwe baada ya kuangalia salio, si kabla.

Ile 500 kwenye 20,500 ni ya kutolea, shabiki aliiongeza kwa wema. Wengi huandika 20,000 na kuisahau, kisha hesabu inagoma. Iandikwe 20,500 kama ilivyoingia, na makato ya wakala yaandikwe kama matumizi siku ya kutoa.

Kuna mtego mwingine unaowalenga hasa wanaopokea fedha kutoka kwa watu wasiowajua. Mtu anatuma 50,000, kisha anapiga simu akilia kwamba alikusudia 5,000, umrudishie 45,000 kwenye namba nyingine. Ukituma, yeye anaomba mtandao umrudishie muamala wake wa kwanza, nawe umepoteza ile 45,000. Mwambie apige huduma kwa wateja, muamala urudishwe kwa njia hiyo hiyo uliyoingilia, na uandike marejesho hayo kwenye daftari.

Taarifa kwa mashabiki itoke kila mwezi: kilichoingia, makato, kilichotumika, kilichobaki. Hapa wengine, kwa kutaka kuonesha uwazi, hubandika picha ya miamala yote ikiwa na majina na namba za simu za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na shabiki aliyetoa 3,000 hakukubali namba yake isomwe na kila mtu. Tarakimu za mwisho za namba ya muamala zinatosha: aliyetuma atajitambua, wengine hawatamjua.