Ofisi Imefungwa kwa Mafuriko: Tangazo la Kwanza Liandikweje

Maji yakiingia ofisini usiku, au umeme ukikatika jioni na kukakucha haujarudi, wako watu wanaojiandaa kutoka nyumbani bila habari: mfanyakazi mwenye funguo za mlango, na mteja mwenye miadi ya asubuhi. Tangazo la kwanza ni la hao. Linatakiwa kuwazuia wasifike kwenye jengo ambalo hakuna aliyethibitisha kuwa ni salama, na mengine yote yanaweza kusubiri.

Matangazo mengi huanza na salamu za uongozi, yakafuata masikitiko, kisha maelezo ya mvua ilivyonyesha, na neno "imefungwa" likaja mstari wa nne au wa tano. Halafu yanamalizia kwa "hadi mtakapotangaziwa tena". Msomaji wa simu ndogo huona maneno ya mwanzo tu kabla ya kufungua ujumbe, kwa hiyo kufungwa kwa ofisi kunatakiwa kuwe ndilo jambo analokutana nalo kwanza. Huo mstari wa mwisho nao una madhara makubwa kuliko unavyoonekana. Mteja mwenye shauri linaloisha muda wiki hiyo hawezi kukaa na "mtakapotangaziwa". Atapiga simu mara tano, na asipojibiwa atakuja mwenyewe. Mfanyakazi naye atapita asubuhi inayofuata "kuangalia tu". Mnajikuta na umati mlangoni mwa jengo lenye maji.

Ni kweli kwamba asubuhi ya kwanza hakuna anayejua ofisi itafunguliwa lini. Lakini anayeandika tangazo anajua atawaandikia tena saa ngapi, kwa sababu hilo liko mikononi mwake. Badala ya kuahidi siku ya kufungua, ahidi saa ya taarifa ijayo. Saa hiyo ikifika, andika hata kama hakuna jipya: "Bado tumefungwa, fundi hajamaliza, taarifa ijayo kesho Alhamisi 16/4 saa 1 asubuhi." Watu huvumilia kusubiri wakijua wanasubiri hadi saa ngapi.

Tuchukue mfano tuufuate hatua kwa hatua. Ofisi ya huduma iko ghorofa ya chini na hufunguliwa saa 2 asubuhi. Jumatano tarehe 15 Aprili, saa 10 alfajiri, mlinzi anapiga simu kuwa maji yamevuka kizingiti na yanaendelea kupanda. Aliyepigiwa ndiye mwenye mamlaka ya kufunga ofisi, au naibu wake aliyeandikwa jina tangu zamani kwa ajili ya hali kama hii. Hili lisipopangwa mapema, saa 2 nzima hupotea watu wakitafutana kwa simu wajue nani aruhusu ujumbe utoke. Uamuzi ufanyike kufikia saa 11, kwa kuwa saa 12 wengi wanakuwa wameshaingia njiani.

Kabla ya kuamua, atatamani kujua maji yamefika wapi. Asimtume mtu ndani kupima. Mlinzi achungulie dirishani akiwa nje, mahali pakavu. Soketi za ukutani na nyaya za sakafuni zinaweza kuwa zimeshafikiwa na maji, na anayekanyaga maji hayo hawezi kujua kwa macho kama yana umeme. Hata mtaa mzima ukiwa gizani, umeme unaweza kurudi wakati wowote, au jenereta ya jirani iliyounganishwa vibaya ikarudisha umeme kwenye nyaya. Kwa sababu hiyohiyo, asiwepo wa kuvuka maji kwenda kuzima swichi kuu. Hiyo ni kazi ya fundi umeme, akishirikiana na shirika la umeme kukata huduma kutoka nje.

Sasa ujumbe. Saa hiyo ya alfajiri, njia ya kutegemea ni meseji ya kawaida ya simu, maana inafika hata kwa asiye na intaneti. Meseji moja hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ukizidisha, hukatwa vipande vya herufi 153, na mtandao ukilemewa kipande kimoja kinaweza kufika na kingine kikachelewa. Ipo hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Ukinakili maneno kutoka kwenye programu ya kuandikia, zile alama za kunukuu zilizopinda au kistari kirefu hubadilisha namna ujumbe unavyosimbwa, na uwezo wa meseji moja hushuka hadi herufi 70. Andika kwa alama za kawaida za simu, kisha hesabu.

Kwa wateja, ofisi yetu ya mfano inatuma hivi:

"Ofisi Kuu imefungwa Jumatano 15/4, maji yameingia. Usije. Miadi ya leo itapangiwa siku mpya. Namba za malipo hazijabadilika. Taarifa ijayo leo saa 10 jioni."

Hizo ni herufi 156. Tarehe imetangulia, kwa sababu ujumbe huu utasambazwa kwenye makundi ya simu na wengine watausoma siku mbili baadaye. Usipokuwa na tarehe, "leo" ya Jumatano itasomwa kama leo ya Ijumaa na kumzuia mteja ambaye angehudumiwa. Sentensi ya malipo imewekwa kwa makusudi. Matapeli hupenda siku kama hizi: hutuma tangazo linalofanana na lenu likisema mfumo umeharibika, lipeni kwa namba hii mpya. Mkishawatangulia, mteja ana kitu cha kulinganishia.

Kwa wafanyakazi ni ujumbe mwingine:

"Ofisi Kuu: usije kazini Jumatano 15/4. Jengo lina maji, umeme haujapimwa. Mshahara na likizo haviguswi. Jibu SALAMA au MSAADA kabla ya saa 3 asubuhi."

Mfanyakazi ana maswali ambayo mteja hana. La kwanza ni kama siku hii itakatwa kwenye likizo yake, na asipojibiwa atajitahidi kuvuka maji ili aonekane kazini. Lakini sentensi hiyo iandikwe tu ikiwa uongozi umeshaikubali kwa maandishi kabla ya dharura. Ahadi ya mshahara iliyotolewa alfajiri na ofisa asiye na mamlaka nayo huzaa mgogoro mwisho wa mwezi. Jibu la SALAMA au MSAADA ni kwa sababu mafuriko yaliyofika ofisini huenda yamefika na nyumbani kwao. Anayeratibu aweke alama kwa kila jina, na ikifika saa 3 wale walio kimya wapigiwe simu.

Jambo moja la kiufundi huwaponyoka wengi hapa. Meseji zinazotumwa kwa wingi huonyesha jina la taasisi badala ya namba, na mpokeaji hawezi kulijibu jina. Ujumbe wa wafanyakazi unaoomba jibu lazima utoke kwenye namba halisi ya simu, la sivyo mratibu ataona kimya na kudhani kila mtu yuko hatarini.

Orodha ya namba hizi nayo mara nyingi huwa ndani ya kompyuta iliyo ndani ya jengo lililofurika. Barua pepe na tovuti zikiendeshwa na seva ya hapohapo, navyo vinazimika pamoja na jengo. Nakala ya orodha iwepo kwa watu wawili nje ya ofisi, imefungwa kwa nywila au ndani ya bahasha iliyogundishwa, kwa kuwa ni taarifa binafsi za watu.

Kukipambazuka, tangazo la karatasi libandikwe getini au penye njia kavu kabla ya kufika majini. Likibandikwa mlangoni, msomaji atalazimika kukanyaga maji ili asome kwamba asikanyage maji. Wino wa printa nyingi huchujika kwa mvua, hivyo karatasi iwe ndani ya mfuko wa plastiki. Wala lisieleze kwamba jengo halina mlinzi au mafaili yamehamishiwa wapi.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu bila mafuriko, mtego ni tofauti. Jengo ni kavu, kila mtu anadhani umeme utarudi baada ya nusu saa, na siku inapita watu wamekaa gizani bila pampu ya maji ya vyoo. Wekeni saa ya uamuzi mapema: umeme usiporudi kufikia saa fulani, ofisi inafungwa. Ujumbe utoke mapema pia, kwa sababu minara ya simu huendeshwa kwa betri za akiba ambazo nyingi hudumu saa chache, na simu za wapokeaji nazo zinaisha chaji. Jenereta ikitumika, ikae nje kabisa mbali na madirisha. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliomo vyumbani wakidhani wanasikia usingizi.

Turudi kwenye ofisi yetu. Saa 10 jioni, taarifa ya pili inatoka kama ilivyoahidiwa, na hii ndiyo yenye nafasi ya mambo marefu: miadi iliyoahirishwa, mahali pa muda pa kuhudumiwa, na tarehe za mwisho za kuwasilisha nyaraka. Hapo kwenye tarehe pawe na uangalifu. Muda ambao ofisi iliuweka yenyewe, ofisi inaweza kuuongeza, na iandike hadi tarehe ipi. Muda uliowekwa na sheria au mahakama hauongezwi kwa tangazo la ofisi. Mteja aambiwe hivyo waziwazi na aonyeshwe njia nyingine ya kuwasilisha, kwa kuwa akiamini kwamba kufungwa kwenu kumesimamisha saa, anaweza kupoteza haki yake.

Nyaraka za wateja zikilowa, wenye nyaraka waarifiwe mmoja mmoja, si kwenye tangazo la wote. Wasicheleweshewe habari hiyo, kwani ukungu unaweza kuanza kuota kwenye karatasi mbichi ndani ya saa 48, na baadhi yao watataka kuanza mara moja kutafuta nakala.

Tangazo la kufungua lisitoke kwa sababu maji yamepungua. Litoke baada ya fundi umeme mwenye leseni kukagua ubao wa swichi na nyaya na kuandika kwamba umeme unaweza kuwashwa, na baada ya sakafu kusafishwa kwa dawa, maana maji ya mafuriko mara nyingi huchanganyika na majitaka. Kompyuta iliyolowa isiwashwe "kuijaribu" hata ikionekana imekauka. Tangazo hilo litaje siku, tarehe na saa ya kufungua, huduma zilizorejea na zile ambazo bado, na wenye miadi iliyoahirishwa waje kwa mpangilio gani. Siku hiyohiyo karatasi ya getini iondolewe, na ujumbe wa kufungwa uliobandikwa juu ya kurasa na makundi ya simu ufutwe.