Kung'oa au kutong'oa: hesabu ya nafasi kabla ya kufunga waya za meno

Mama mmoja alimleta binti yake wa miaka 13, akamfungulisha mdomo na kunionyesha jino la chonge la juu kushoto, lile lililotokea juu ya fizi kwa sababu chini hakukuwa na pa kukaa. "Dokta, hili ndilo linaloharibu. Ling'oe tu, mengine yatajipanga yenyewe."

Ombi hili nalisikia mara nyingi, na karibu kila mara jibu ni hapana. Chonge ndilo jino lenye mzizi mrefu kuliko yote, limesimama kwenye kona ya taya na ndilo linalobeba umbo la tabasamu. Kosa lake ni kuchelewa kuota, likakuta nafasi zimeshachukuliwa. Ukiliondoa, mengine hayajipangi: yanabaki yamepinda vilevile, na pembeni panabaki pengo. Kama kuna jino la kutoa, kwa kawaida ni lile linalofuata nyuma yake, gego dogo la kwanza. Kuondoka kwake huacha nafasi jirani kabisa na msongamano, na gego dogo la pili hubaki kuendelea na kazi ileile.

Lakini je, kuna haja ya kung'oa? Swali hilo ni la zamani. Edward Angle, Mmarekani anayetajwa kama baba wa fani hii ya kupanga meno, alishikilia kwamba kila mtu anaweza kutoshewa na meno yake yote, mradi taya lipanuliwe. Daktari mwenzake, Calvin Case, alimpinga hadharani mwaka 1911. Kisha Charles Tweed, aliyesoma kwa Angle mwenyewe, akaona wagonjwa wake aliowapanga bila kung'oa wanarudi na meno yaliyochomoza mbele na mengine yameanza kupinda tena. Akaanza kuwarudia kwa kung'oa. Tangu hapo fani imeyumba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kinachomsaidia daktari asiyumbe nayo ni kupima.

Kipimo chenyewe kina pande mbili: nafasi inayohitajika na nafasi iliyopo. Tunaanza na taya la chini, kwa sababu halina ukarimu wa kupanuka kama la juu. Nafasi inayohitajika ni jumla ya upana wa meno 10 yaliyo mbele ya magego makubwa ya kwanza, yaani meno 4 ya mbele, machonge 2 na magego madogo 4. Kila moja linapimwa kwa kalipa yenye ncha nyembamba kwenye modeli ya plasta, pale ambapo jino ni pana kuliko kwingine. Nafasi iliyopo ni urefu wa upinde wa taya kutoka ukingo wa mbele wa gego kubwa la kulia hadi la kushoto. Wengine huupima kwa uzi laini wa shaba, wengine huugawa upinde vipande 4 vilivyonyooka na kuvijumlisha. Siku hizi wenye skana hupima kwenye skrini, ila hesabu haibadiliki.

Kwa binti yule, meno 10 ya chini yalihitaji milimita 65.6. Vipande 4 vya upinde vilisomeka 20.8, 9.0, 8.8 na 21.0, jumla milimita 59.6. Upungufu ni milimita 6. Ni kama abiria walioketi bega kwa bega kwenye siti isiyowatosha: mmoja lazima ageuke ubavu, mwingine asogee mbele.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea, na si kwenye kutoa wala kujumlisha. Uzi wa shaba ukiufuatisha meno yalivyopinda, unarefuka na kukuonyesha nafasi ambayo haipo. Unatakiwa upite pale ambapo meno yatakaa yakishapangwa. Na kalipa ikikosea milimita 0.2 kwa kila jino, tena kwa upande uleule, kwa meno 10 umekosea milimita 2. Kwa mgonjwa aliye mpakani, milimita 2 zinatosha kugeuza uamuzi. Mimi hupima mara mbili, siku tofauti, na sitazami karatasi ya kwanza.

Vitabu vina mwongozo wa jumla: upungufu usiofika milimita 4 ni nadra kuhitaji kung'oa, ukifika 10 au zaidi karibu kila mara meno hutolewa, na katikati ndipo penye ubishi. Binti wetu na milimita zake 6 yuko katikati. Namba hiyo peke yake haisemi kitu. Hesabu inakamilika pale tu tunapoamua meno ya mbele ya chini yakae wapi.

Sababu ni hii. Upinde wa meno una pande mbili, kulia na kushoto. Ukisogeza meno ya mbele kwenda mbele milimita 1, unapata takribani milimita 1 kila upande, jumla 2. Ukiyarudisha nyuma milimita 1, unapoteza 2. Kwa hiyo kabla ya kusema nafasi inatosha au haitoshi, lazima uangalie eksirei ya ubavu ya kichwa na uangalie midomo ya mtu akiwa ametulia, si akiwa ameifumba kwa nguvu.

Eksirei ya binti ilionyesha meno ya mbele yameinama mbele tayari. Akitulia, midomo yake haikukutana. Akiifumba, ngozi ya kidevu ilikunjamana na kuwa na vishimo vidogo kama ganda la chungwa, dalili kwamba misuli inalazimishwa. Tulikubaliana naye na mama yake kwamba meno yarudi nyuma milimita 1. Hapo upungufu ukawa 8. Tena ukitazama meno yake ya chini kwa ubavu, yalikuwa na bonde: ya nyuma na ya mbele yako juu, ya katikati yamezama. Kulisawazisha bonde hilo, lenye kina kama milimita 2, kunakula nafasi ya takribani milimita 1. Sasa upungufu ni 9, na hakuna mahali pa kuzipata isipokuwa kung'oa.

Sasa chukua mtoto mwingine mwenye milimita 6 zilezile na bonde lilelile, ila meno yake ya mbele yameinamia ndani na midomo imelala bapa. Upungufu wake ni 7. Yeye meno yakisogezwa mbele milimita 2 anapata 4, na uso wake unapendeza zaidi. Kati ya meno ya mbele, enameli inaweza kusuguliwa kidogo sana, sehemu ya milimita kwa kila mgusano, tukapata kama 2 zaidi. Milimita 1 inayobaki inapatikana kwa kupanua upinde kidogo upande wa magego madogo. Huyu hang'olewi jino hata moja. Namba ya kwanza ilikuwa ileile, uamuzi umekwenda kinyume.

Tuseme ukweli kuhusu kupanua, kwa sababu kunauzwa sana. Kuongeza upana kwenye magego makubwa milimita 1 hakukupi milimita 1 ya nafasi. Unapata sehemu ndogo tu ya hiyo. Upana kati ya machonge ya chini nao una tabia mbaya ya kurudi ulikokuwa mara waya zikitoka. Anayeahidi kumaliza upungufu wa milimita 9 kwa kupanua peke yake ataishia kuyasukuma meno ya mbele nje, apende asipende. Dalili zake utaziona: midomo inayojaa na kushindwa kufunga, fizi ya mbele chini inayoshuka na kuanika mzizi, na meno yanayoanza kupandana tena ndani ya miaka michache.

Kung'oa nako kuna hesabu yake, na ndipo ujuzi unapoonekana. Gego dogo moja la binti lilikuwa na upana wa milimita 7.2, kwa hiyo yakitoka 2 ya chini tunapata 14.4. Tulihitaji 9. Zinazobaki, 5.4, hazipotei hewani: magego makubwa yatasogea mbele kuzifunga, milimita 2.7 kila upande. Magego yakikimbilia mbele mapema na kula, tuseme, milimita 5 kila upande, tutakuwa tumeng'oa meno ya mtoto na bado meno ya mbele hayajapata nafasi. Ndiyo maana wakati mwingine tunayafunga magego ya nyuma yashikamane, au tunaweka kiskrubu kidogo kwenye mfupa kiwe nanga. Kinyume chake pia hutokea: upungufu ukiwa wa milimita 4 tu, kung'oa magego madogo 2 huacha nafasi kubwa ya kufunga, na asiyekuwa mwangalifu huifunga kwa kuyavuta meno ya mbele nyuma mpaka midomo inadidimia. Uso bapa ambao kung'oa hulaumiwa kuuleta mara nyingi umetokana na hesabu hiyo. Na kwa kuwa meno ya juu lazima yaumane na ya chini, kwa binti huyu tulitoa magego madogo 2 ya juu pia, na lile chonge la juu ya fizi likashuka mahali pake.

Kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Kipimo maarufu cha Tweed, kwamba meno ya mbele ya chini yasimame karibu nyuzi 90 juu ya taya, kilitokana na Wamarekani weupe. Waafrika wengi meno yao ya mbele huegemea mbele zaidi na midomo huwa minene, na hiyo si kasoro. Ukibandika kipimo kile bila kufikiri, utang'oa meno ya watu wasio na tatizo. Ila nisigeuze hili kuwa sheria nyingine. Wapo Waafrika wanaokuja wenyewe wakilalamika kwamba midomo haifungi, na hao husaidika kwa kung'olewa hata kama meno hayajabanana kabisa.

Kwa mtoto ambaye bado ana magego ya maziwa, subiri kidogo kabla ya kutaja koleo. Gego la pili la maziwa la chini ni pana kuliko gego dogo linalokuja kuchukua nafasi yake, na tofauti hiyo ni kama milimita 2 kila upande. Waya mwembamba ukiwekwa kwa ndani kabla gego hilo halijadondoka, ukalizuia gego kubwa lisisogee mbele, milimita 4 zinabaki kwa ajili ya meno ya mbele. Mdogo wake binti yule, mwenye miaka 10, alikuwa amekuja siku hiyo kusindikiza tu. Nilimwomba naye afungue mdomo. Magego yake yote 2 ya pili ya maziwa yalikuwa bado yamesimama imara.