Kabla hujaomba kikomo cha ovadrafti kiongezwe

Mteja akiniletea hapa benki barua ya kuomba kikomo cha ovadrafti kipandishwe, yaani aruhusiwe kutoa fedha nyingi zaidi kupita salio lake, barua yenyewe naisoma mwisho. Naanza na taarifa ya akaunti ya miezi 12, nikitazama jambo moja: kila mwezi salio lilishuka hadi wapi, na lilipanda hadi wapi.

Chukua mshonaji wa sare mwenye kikomo cha milioni 3. Mwezi wa kwanza akaunti ilizama hadi kudaiwa milioni 2.8, kisha wateja wakalipa, ikapanda hadi akabaki na laki 4 zake mwenyewe. Hapo ovadrafti inafanya kazi yake, yaani kuziba pengo kati ya siku ya kununua kitambaa na siku ya kulipwa. Mwezi wa nane mambo ni mengine. Akaunti inagonga milioni 3, na hata siku yake nzuri kuliko zote bado inadaiwa milioni 1.6. Hizo hazizunguki tena, zimeganda. Ukimuuliza, anakumbuka kwamba mwezi wa nne alinunua vyerehani kwa ovadrafti.

Sasa anataka kikomo kiwe milioni 5. Hata benki ikikubali, ningemwambia aachane nacho. Aombe ile milioni 1.6 ihamishiwe kwenye mkopo wa muda maalumu, ailipe kidogo kidogo kwa miezi 24, na kikomo kibaki palepale. Nafasi yote ya milioni 3 itamrudia. Tena kwa kawaida mkataba wa ovadrafti unairuhusu benki kudai fedha zake zote wakati wowote. Cherehani haigeuki fedha kwa wiki moja.

Ombi lingekuwa na uzito kama angekuja na oda. Tuseme ameandikiwa oda kubwa: kitambaa na ujira wa mafundi vitakula milioni 3.2, mteja anatanguliza milioni 1, zilizobaki atalipa wiki ya 9. Bila oda hiyo, makadirio yake ya fedha zitakazoingia na kutoka kwa wiki 13 yanaonyesha akaunti itazama hadi milioni 2.5. Jumlisha 3.2, toa 1, unapata 4.7. Anapungukiwa milioni 1.7, kwa hiyo aombe nyongeza ya milioni 2, ya muda, kwa miezi mitatu. Alete hati ya oda, makadirio hayo, na orodha ya wanaomdai yeye na anaowadai, ikiwa na tarehe za ankara. Ankara iliyopitiliza siku 90 asiihesabu kama fedha inayokuja, maana sisi hatuihesabu.

Wakati mwingine benki ndiyo inayotangulia kukupigia simu na kukupa nyongeza usiyoiomba. Uliza kwanza kama ada ya mwaka inakatwa kwenye kikomo chote au kwenye kiasi utakachotumia, na kama dhamana itabadilika. Ikiwa ada ni ya kikomo chote na kwa miezi 12 hujawahi kupita nusu ya ulichonacho, kataa. Ikiwa wanataka hati ya nyumba kwa ajili ya nyongeza ya miezi mitatu, kataa pia, hata kama anayekupigia ni mimi.