Turufu unaijua tayari: taroti ilikuwa mchezo kabla ya kuwa ramli

Kwenye meza yetu ya makumbusho tunapotoa michezo ya zamani watu waishike, seti ya taroti, zile karata za picha ambazo watu wanapigia ramli, ndo inayokimbiwa. Bao wanaligusa, drafti wanaigusa, wakifika kwenye karata yenye mifupa iliyoshika fyekeo mkono unarudi mfukoni. Halafu kuna wale wengine wanaosogea karibu wananong'ona, "hizi si ndo zile za Misri ya kale za kutabiria?" Sasa anayeogopa na anayevutiwa wote wameamini kitu kilekile, kwamba hizi karata zimezaliwa kwenye uganga. Kumbe kwa kama miaka 300 ya mwanzo watu walikuwa wanazichezea tu, tena kwa pesa mara nyingi, na Mswahili ana sababu ya pekee ya kulielewa hili haraka kwa sababu maneno yake yapo mdomoni mwetu.

Chukua karata za kawaida za barazani. Kopa, shupaza, pau, uru. Ushawahi kujiuliza kwa nini ule moyo mwekundu unaitwa kopa? Ni Kireno, kopa ni vikombe, shupaza ni panga, pau ni fimbo, uru ni dhahabu. Mreno alituletea majina ya karata za zamani ambazo kweli zilichorwa vikombe, panga, fimbo na sarafu, picha zikabadilika majina yakabaki. Sasa fungua seti ya taroti utakuta aina hizohizo nne, vikombe, panga, fimbo, sarafu. Na aina hizo zilitoka kwa Wamamluki, masultani waliotawala Misri wakati huo, zikaingia Ulaya miaka ya 1370, ipo seti yao hadi leo kwenye makumbusho ya Topkapi, Istanbul, ina mfalme na chini yake naibu, ndiyo naibu huyuhuyu wetu wa naibu waziri, na fimbo zao zilikuwa za kuchezea polo, Waitaliano hawakuzielewa wakachora fimbo za kawaida. (Kwa hiyo Misri ipo kwenye hadithi, ila ni Misri ya masultani wenye karata za kuchezea, si ya mafarao.)

Taroti yenyewe ni kazi ya Italia ya kaskazini, na maandishi ya mwanzo tuliyonayo ni ya 1440, mthibitishaji hati mmoja wa Florence ameandika kwenye shajara yake kwamba amempelekea bwana mmoja mkubwa seti ya zawadi. Mwaka 1442 kwenye daftari la matumizi la watawala wa Ferrara kuna malipo ya mchoraji kwa seti nne. Walichofanya ni kuchukua karata za kawaida, wakaongeza malkia kwenye kila aina zikawa 56, halafu wakaongeza karata 22 za picha: mfalme mkuu, papa, mapenzi, kifo, mwezi, jua, na mjinga mmoja asiye na namba. Hizo za picha waliziita trionfi. Neno hilo likapita kwa Wareno likawa trunfo, likafika pwani likawa turufu! Yaani turufu unayotamba nayo barazani ni jina la kwanza la taroti.

Na kazi yake ni ileile. Tuseme tumekaa wanne, wa kwanza katupa kikombe. Lazima ufuate kwa kikombe, mimi sina, basi sheria inanitaka nitoe turufu, natoa namba 5, Papa. Anayefuata naye hana kikombe, anatoa namba 13, ambayo ni Kifo. Kifo kimemla Papa, kwa sababu 13 ni kubwa kuliko 5, hakuna siri nyingine hapo. Wa nne ana turufu moja tu kubwa na hataki kuipoteza, anaweka Mjinga, ambaye hali wala haliwi, anamwonyesha halafu anamrudisha kwenye rundo lake. Ufaransa mchezo huu unachezwa mpaka leo na una shirikisho lake na mashindano.

Mwenye shaka hapa atauliza, na ana haki, mnajuaje kwamba hawakuwa wanatabiria kimyakimya? Jibu zuri liko kwa maadui wa karata. Kuna mahubiri ya mtawa mmoja wa Italia, ya mwishoni mwa karne ya 15, anazitaja turufu moja moja na kuzilaani, anasema ni ngazi 21 za kumteremsha mtu jehanamu, anakasirika kwamba wamemchora mpaka Papa na Mungu kwenye kamari. Mtu mwenye hasira hivyo angejua zinapigiwa ramli angenyamaza kweli? Hasemi hata neno moja. Isitoshe Bologna, Ferrara na Milano kila mji ulikuwa na mpangilio wake wa turufu, karata ya Haki mji huu iko chini, mji mwingine iko karibu na kileleni, jambo ambalo kwa mchezo halina shida ila kwa anayedai namba zinabeba siri moja ya kale ni shida kubwa.

Utabiri unaonekana kwanza Bologna, kwenye karatasi ya kama 1750 yenye maana za karata 35. Kelele zenyewe zilianza Paris mwaka 1781. Antoine Court de Gébelin, msomi aliyeheshimika, anasimulia mwenyewe alivyomkuta mama mmoja nyumbani kwake anacheza taroti na wenzake, akazitazama, na ndani ya robo saa akawa ameshatangaza kwamba ni kitabu cha makuhani wa Misri. Robo saa! Na wakati ule hakuna mtu duniani aliyeweza kusoma maandishi ya mafarao, Mfaransa Champollion alikuja kuyafungua 1822. Yaani alipewa ushahidi wa mchezo mbele ya macho yake akaupita. Baadaye kidogo mtabiri mmoja aliyejiita Etteilla, yaani jina lake Alliette limeandikwa kinyumenyume, akatengeneza seti maalumu ya kutabiria na akawa anaishi kwa kazi hiyo.

Nisidanganye lakini, historia haiwezi kukuambia kama karata zinasema kweli au la, hata sisi bao ni mchezo na kupiga bao ni ramli na tunaishi na vyote viwili. Inachoweza kupima ni lile dai la Misri ya kale, eti ni "maarifa ya miaka 4000", na hilo unaweza kulipima mwenyewe mezani. Mtu akikutolea seti, omba aitafute tatu ya panga. Kwenye seti za zamani za mtindo wa Kifaransa uitwao Marseille utaona panga tatu tu, kama unavyoona alama tatu kwenye tatu ya shupaza. Ukiona moyo umechomwa na panga tatu mvua inanyesha nyuma, hiyo ni picha ya Pamela Colman Smith, aliyechora seti nzima London mwaka 1909 kwa maelekezo ya Arthur Waite, mwandishi wa mambo ya uganga, na akamwandikia rafiki yake kwamba ilikuwa kazi kubwa kwa pesa kidogo sana. Kisha angalia namba 8. Ikiwa ni Haki umeshika mpangilio wa Marseille, ikiwa ni Nguvu, mwanamke anafunga mdomo wa simba, basi ni mpangilio alioufuata Waite, maana humo Haki imepelekwa kwenye 11 na Nguvu ikaletwa 8 ili ziendane na nyota.