Namna seli ya saratani ya mlango wa kizazi inavyokataa kufa

Ukiitazama kwa darubini seli inayokufa kwa apoptosisi, yaani kujiua kwa mpangilio, huoni kitu kikipasuka. Inasinyaa, inajiachia kutoka kwa jirani zake, utando wake unatoka malengelenge, kisha inakatika vipande ambavyo seli nyingine huvimeza. Hakuna usaha wala uvimbe.

Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya viitwavyo kaspasi. Seli inavyo muda wote, ila vimelala, na kuna njia mbili za kuviamsha. Njia ya nje huanza seli ya kinga inapogusa kipokezi cha Fas kwenye utando. Upande wa ndani hukusanyika protini ya FADD na kaspasi-8, na hizo kaspasi-8 zikibanana huamshana. Njia ya ndani huanzishwa na seli yenyewe. DNA yake ikikatika, protini ya p53 hujaa na kuagiza nyingine zitoboe utando wa nje wa mitokondria. Hapo huvuja saitokromu-si, ambayo siku zote kazi yake ni kusaidia kutengeneza nishati. Ikishatoka, hushikana na protini nyingine kuunda gurudumu la mikono saba linaloamsha kaspasi-9.

Njia zote hukutana kwenye kaspasi-3, na ikishashika kasi, kurudi nyuma ni kwa nadra. Hukata mamia ya protini, ikiwemo ile inayokifunga kimeng'enya cha kukatakata DNA. Ndiyo maana DNA ya seli hizo tukiipitisha kwenye jeli tunaona ngazi: vipande vya takriban jozi za besi 180, 360, 540. Seli iliyokufa kwa kuungua huacha mchirizi tu, hauna vidato.

Sasa njoo kwa HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, hasa aina ya 16 na 18. Protini yake ya E7 huisukuma seli igawanyike ovyo, na seli iliyosukumwa hivyo kwa kawaida ingejiua. Protini nyingine ya kirusi hicho, E6, ndiyo inayozuia. Huikamata p53 na kuifanya ibandikwe alama ya takataka, kisha mashine ya seli yenyewe inaisaga. Ujanja wenyewe ndio huu: mara nyingi jeni la p53 ni zima kabisa, na protini inaendelea kutengenezwa, ila haidumu. E6 ya aina ya 16 hushika pia FADD na kaspasi-8, kwa hiyo hata njia ya nje hudhoofika.

Tunajuaje? Seli za HeLa, zilizotoka kwenye uvimbe wa Henrietta Lacks huko Baltimore mwaka 1951, zina HPV 18. Watafiti walipozima E6 na E7 ndani yake, p53 ilirudi. Seli zilizokuwa zikigawanyika kwa miongo zikasimama, na E6 ikizimwa peke yake, nyingi hufa.

Chanjo haiigusi E6. Inaufundisha mwili kulitambua ganda la kirusi kabla hakijaingia kwenye seli, na E6 haimo kwenye ganda hilo. Ndiyo sababu tunawachanja wasichana mapema, na aliyekwisha kuambukizwa chanjo haimtoi kirusi. Yeye humsaidia kipimo cha mlango wa kizazi, seli hizo zionekane na kuondolewa zikiwa bado juu juu.