Methali si Lazima Iwe Imechoka

Wiki hii nimeletewa tena hotuba ya mahafali ya kidato cha nne niihariri. Pembeni ya "Mchumia juani hulia kivulini" mtu kaandika kwa wino mwekundu: "Imechakaa. Weka kitu kipya." Alichopendekeza: "Wewe ni nyota, ng'aa bila mipaka."

Jamani, hivi nani aliwadanganya kwamba umri wa kauli ndio uchakavu wake?

Kuna kipimo cha haraka ambacho wengi wanakijua: soma nusu ya kwanza, unyamaze, usikilize kama watu wataimalizia. "Elimu ni…" na ukumbi mzima utajibu ufunguo wa maisha. Sawa, ila hapo umepima mazoea tu. Barazani watu humalizia methali kwa raha, na msemaji huwaachia makusudi.

Mimi huanza kwa kumbadilisha msikilizaji. Hiyo nyota mpe bibi harusi, mpe wakala wa bima, mpe mstaafu. Inawafaa wote, kwa hiyo hakuna aliyeambiwa kitu. Kisha naigeuza kauli kinyume. Nani atasimama jukwaani aseme "fifia, tena kwa mipaka"? Kauli ambayo kinyume chake hakina mtetezi haijasema lolote, hata kama imetungwa asubuhi hii. Linganisha na "Ukifeli hesabu, rudia mtihani kabla ya kukimbilia chuo." Haina madoido, lakini mzazi anaweza kuibishia.

Sasa turudi kwenye methali yetu. Kavukavu, nayo inawafaa wengi, sikatai. Lakini wanafunzi wale walipalilia shamba la shule, na maharage ya shamba hilo ndiyo yatakayopikwa siku ya mahafali, watu wakiwa wamekaa chini ya turubai. Hotuba haikulitaja shamba popote! Nikaongeza sentensi moja tu kabla ya methali: "Maharage mtakayokula leo mliyapalilia wenyewe mwezi wa nne." Juani ni shambani kwao, kivulini ni hapo walipokaa. Mpelekee methali hiyohiyo mama ntilie anayeshinda motoni tangu alfajiri na bado anadaiwa marejesho ya mkopo Ijumaa, uone kama hatakurushia mwiko. Kwake kivuli hakijaonekana, kwa hiyo ni kejeli.

Vipimo hivi vina matundu. Msibani "Mungu akutie nguvu" inamfaa kila mfiwa na haina mpinzani, lakini asiyeisema anaonekana hana utu. Pale watu hawatafuti upya. Jingine linanisumbua zaidi: mimi nasoma hotuba za aina hii msimu mzima, kauli zinanichosha mapema kuliko mtoto wa miaka 17 anayeketi kwenye mahafali yake ya kwanza. Huenda ile nyota ingemtoa machozi kweli. Sijui namna ya kulipima hilo nikiwa mezani kwangu.

Nyota nimeifuta hata hivyo. Mwenye wino mwekundu akiitaka sana, kadi za mwaliko bado hazijachapwa.